Vipenyo vya skrubu ya mwendo ya meno ya trapeza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu iko Ngamiani, hapa Tanga. Tunakereza vyuma vya aina nyingi, lakini kazi inayozaa maswali kuliko zote ni skrubu za mwendo: ile inayopandisha meza ya mashine ya randa, ile inayosogeza meza ya mashine ya milingi, na zile ndefu za kwenye kerezo lenyewe. Wanaouliza ni vijana wanaojifunza kazi, mafundi wenzetu wa Muheza na Korogwe, na wateja wanaotaka kujua kwa nini skrubu mpya inabana au inapwaya. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi mara nyingi. Majibu mengi yanatumia mfano mmoja, skrubu ya Tr 28x5, ili ukishaushika huo usilazimike kuanza upya kila swali.

Skrubu imeandikwa Tr 28x5. Hizo namba zinasema nini hasa?

Tr ni alama ya jino la trapeza la kipimo cha milimita. Mbavu mbili za bonde lake zinafungua pembe ya digrii 30, yaani kila ubavu umelala digrii 15. Namba 28 ni kipenyo cha jina, nacho ndicho kipenyo cha nje cha skrubu, kutoka ncha ya jino upande mmoja hadi ncha ya upande wa pili. Namba 5 ni pichi: umbali wa milimita 5 kutoka jino hadi jino linalofuata, ukipima kwa urefu wa shafti.

Basi. Hakuna kingine kilichoandikwa, na hakihitajiki. Vipenyo vingine vyote vinatoka kwenye namba hizo mbili pamoja na kipimo kimoja kidogo cha nafasi ambacho utakisoma kwenye jedwali.

Fomula zenyewe ni zipi? Mbona wengine wanataja vipenyo vitatu na wengine vitano?

Wote wako sawa. Skrubu ina vipenyo vitatu na nati ina vitatu, ila kile cha katikati ni kimoja kwa zote mbili. Hivyo ukihesabu skrubu peke yake ni vitatu, ukihesabu skrubu na nati yake ni vitano. Kwenye michoro herufi ndogo ni za skrubu na herufi kubwa ni za nati:

```
d  = kipenyo cha jina
d2 = D2 = d - 0.5 x P
d3 = d - P - 2 x ac
D1 = d - P
D4 = d + 2 x ac
```

P ni pichi. d2 ni kipenyo cha pichi, wengine wanakiita kipenyo cha kati. d3 ni kipenyo cha shina la skrubu, pale chini ya bonde. D1 ni tundu la nati kabla hujakata meno. D4 ni kipenyo cha bonde la nati, sehemu ya mbali kabisa ambayo kisu kinafika. Na ac ni nafasi iliyoachwa kati ya ncha ya jino la upande mmoja na chini ya bonde la upande wa pili.

Nakushauri uelewe zinatoka wapi, maana fomula iliyokaririwa hupotea siku unayoihitaji. Sehemu ya jino inayofanya kazi, pale ambapo mbavu za skrubu na nati zinagusana, ina kimo cha nusu ya pichi. Kwa pichi ya 5 ni milimita 2.5. Toa 2.5 kila upande wa 28, unapata 23, nacho ndicho D1. Kipenyo cha pichi kinapita katikati ya kimo hicho, kwa hiyo unashuka robo ya pichi kila upande, yaani nusu ya pichi kwenye kipenyo chote. Hapo upana wa jino na upana wa bonde vinalingana kabisa, kila kimoja nusu ya pichi. Nafasi ya ac inaongezwa nje ya eneo hilo la kazi: skrubu inachimbwa chini zaidi ya ncha ya nati, na nati inachimbwa mbali zaidi ya ncha ya skrubu.

Hiyo ac naipata wapi? Ni asilimia ya pichi?

Si asilimia, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Inapanda kwa ngazi. Pichi ya 1.5 ina ac ya 0.15. Pichi kuanzia 2 hadi 5 zina 0.25. Pichi kuanzia 6 hadi 12 zina 0.5. Kuanzia 14 hadi 44 ni 1.

Angalia ruka lililopo kati ya 5 na 6. Skrubu ya Tr 28x5 ina ac ya 0.25, lakini Tr 36x6, ambayo kwa macho ni ndugu yake, ina 0.5. Fundi aliyezoea pichi ya 5 akichukua 0.25 kwa mazoea, shina la Tr 36x6 litatoka 29.5 badala ya 29, na bonde la nati litatoka 36.5 badala ya 37. Kwenye kerezo hataona kasoro yoyote, na huenda zikaingiliana vizuri siku ya kwanza. Ila nafasi ya grisi na ya uchafu imebaki nusu, na skrubu za karakana ya mbao zinakula vumbi kila siku.

Naomba mfano mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho.

Mzee mmoja wa seremala alituletea skrubu ya kupandishia meza ya mashine ya randa. Meza ilikuwa inashuka yenyewe kidogo kidogo kwa mtikisiko, na mbao zinatoka nene upande mmoja. Nati ya bronzi ilikuwa imekwisha, meno yake yamebaki kama nyembe, na skrubu nayo ilikuwa imelika katikati. Tuliamua kutengeneza vyote viwili. Baada ya kupima tuliridhika kwamba ni Tr 28x5 (jinsi tulivyoridhika iko kwenye swali linalofuata).

Hesabu yenyewe ilichukua dakika mbili. Pichi ni 5, kwa hiyo ac ni 0.25. Kipenyo cha pichi: 28 toa 2.5, ni 25.5. Shina: 28 toa 5, ni 23, toa tena 0.5, ni 22.5. Tundu la nati: 28 toa 5, ni 23. Bonde la nati: 28 jumlisha 0.5, ni 28.5.

Kabla ya kugusa chuma nilizikagua kwa njia ambayo namfundisha kila kijana hapa. Toa shina la skrubu kwenye tundu la nati: 23 toa 22.5 ni 0.5. Toa kipenyo cha nje cha skrubu kwenye bonde la nati: 28.5 toa 28 ni 0.5. Tofauti hizo mbili lazima zilingane, na lazima ziwe mara mbili ya ac. Zisipolingana, kuna mahali umekosea kutoa, rudi nyuma.

Kina cha kukata ni nusu ya pichi jumlisha ac, yaani 2.75 kwa upande. Hicho ndicho kisu kinachoingia kutoka kwenye ncha ya jino hadi chini ya bonde, kwa skrubu na kwa nati vilevile. Lakini kina hicho kinahesabiwa kutoka 28 kamili. Tulipokereza shafti ilitoka 27.9, na hilo halina shida, kiwango kinaruhusu. Ila kisu kikigusa shafti ya 27.9 na ukaweka sifuri hapo, kina chako sasa ni 2.70, kwa sababu 0.05 imeshaondoka. Ukiingia 2.75 kamili, shina litakuwa 22.4 na meno yatakuwa membamba kuliko ulivyokusudia. Usikariri kina, kariri kipenyo unachotaka kufika, kisha hesabu kina kutoka pale ulipo.

Skrubu ya zamani haina maandishi na imelika. Nitajuaje kipenyo cha jina?

Anza na pichi, maana kipenyo kinalika lakini pichi haidanganyi sana. Tafuta sehemu ambayo nati haifiki, mara nyingi ni ncha za mwisho za skrubu. Usipime jino moja. Weka venia kwenye ubavu wa jino, hesabu meno kumi, pima hadi ubavu wa upande uleule wa jino la kumi na moja. Skrubu ya yule mzee ilisoma 50.0 hivi, kwa hiyo pichi ni 5.

Kisha pima nje kwenye sehemu hiyohiyo ambayo haijalika. Tulipata 27.75. Mtu anaweza kusema basi ni skrubu ya 27 na robo tatu, lakini hakuna skrubu ya namna hiyo. Kiwango kinaruhusu kipenyo cha nje cha pichi ya 5 kishuke hadi 0.335 chini ya kipenyo cha jina, kwa hiyo skrubu ya 28 iliyo mpya kabisa inaweza kusoma popote kati ya 27.665 na 28. Ile ya 27.75 imo humo. Kipenyo cha kawaida kilicho chini yake ni 26, ambacho kingesoma 26 au pungufu. Kwa hiyo ni 28.

Kuna kanuni moja hapa inayosaidia sana: kipenyo cha nje cha skrubu ya Tr hakipandi juu ya kipenyo cha jina. Kinashuka tu. Ukipima skrubu ukapata 28.4, usiseme "ni 28 iliyozidi kidogo." Hiyo si Tr 28.

Basi hiyo ya 28.4 itakuwa nini?

Uwezekano mkubwa ni ya inchi. Mashine nyingi za zamani za Kiingereza na za Kimarekani zilikuja na meno yanayoitwa Akme, yanayofanana sana na Tr kwa macho. Kuna Akme ya inchi moja na moja ya nane yenye meno matano kwa inchi. Kipenyo chake ni 28.575 na pichi yake ni 5.08. Angalia ilivyo karibu na Tr 28x5! Ukipima jino moja, tofauti ya 0.08 inajificha kwenye mtetemo wa mkono wako. Ukipima meno kumi inajitokeza wazi: 50.8 badala ya 50. Pembe yake nayo ni digrii 29, si 30, ila tofauti hiyo ya digrii moja huwezi kuitegemea kwenye jino lililolika.

Nimeona nati mpya ya Tr 28x5 ikilazimishwa kwenye skrubu ya namna hiyo. Inaingia mizunguko miwili au mitatu, halafu inakaza. Mtu anafikiri ni uchafu, anaongeza mafuta, anaongeza nguvu, na bronzi inaanza kunyofoka. Nati ikiingia vizuri mwanzoni kisha ikakaza kadiri inavyosonga, shuku pichi kabla hujashuku kipenyo. Kipenyo kikiwa ndicho kibaya, inakataa tangu jino la kwanza.

Naweza kutoboa nati kwa kipimo cha shina la skrubu? Si ndilo linalopita humo?

Hapana, na kosa hili nimelifanya mwenyewe nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii. Nilipewa skrubu nzuri ya Tr 28x5 na kuambiwa nitengeneze nati. Nikapima shina, nikapata 22.5, nikatoboa nati 22.5. Kwangu mimi wakati ule ilionekana ndiyo akili: nati ikumbatie shina. Nikapitisha tepu kwa shida kubwa, jasho linanitoka, maana tepu ilikuwa inakata chuma ambacho haikutengenezwa kukikata. Ilipokwisha, ncha za meno ya nati zilikuwa zinasugua chini ya bonde la skrubu. Ilizunguka, lakini nzito, na baada ya muda mfupi grisi ilitoka nyeusi yenye chembe za bronzi.

Tundu la nati ni D1, yaani kipenyo toa pichi, bila kutoa ac. Kwa mfano wetu ni 23. Na hapa kiwango kinakuruhusu kupanda: kwa pichi ya 5 tundu linaweza kuwa kati ya 23 na 23.45. Sisi hutoboa 23.1 au 23.2. Tepu inapita kwa urahisi zaidi na jino linapoteza kidogo sana cha kushikia.

Kosa la upande wa pili ni kukereza skrubu hadi 23 na kuishia hapo, kwa sababu mtu amekumbuka "toa pichi" na kusahau nafasi. Matokeo ni yaleyale: ncha ya nati inakaa juu ya shina la skrubu, na mzigo unabebwa mahali ambapo haukupangwa kubebwa. Utalijua kwa kuangalia alama za msuguano. Skrubu iliyokaa sawa inang'aa kwenye mbavu za meno. Iking'aa chini ya bonde au kwenye ncha, kuna kipenyo kimoja kimekosewa.

Kati ya vipenyo vyote, kipi kinaamua kama skrubu itapwaya?

Kipenyo cha pichi, na ningependa kila mkereza alijue hili kuliko jambo jingine lolote kwenye ukurasa huu. Watu wanapima nje kwa maikromita hadi sehemu ya mia, halafu skrubu inapwaya na hawaelewi kwa nini. Kipenyo cha nje cha Tr hakigusi kitu. Shina haligusi kitu. Zote mbili zimeachiwa nafasi makusudi. Kinachogusa ni ubavu, na mahali ubavu ulipo panasemwa na kipenyo cha pichi.

Kwa sababu ubavu umelala digrii 15, unaweza kuhesabu kupwaya moja kwa moja. Kila milimita 0.1 ambayo d2 ya skrubu imepungua chini ya D2 ya nati inaleta kupwaya kwa 0.027 kwa urefu wa shafti. Zidisha tofauti ya vipenyo kwa 0.268, ndiyo tanjenti ya digrii 15. Tofauti ya 0.5 inaleta 0.134. Kwa meza ya randa hiyo bado inavumilika, maana uzito wa meza unaisukuma upande mmoja muda wote. Kwa meza ya milingi inayokata pande zote mbili, ni nyingi.

Usifikie hatua ya kutaka sifuri, lakini. Skrubu isiyopwaya hata kidogo haina mahali pa kuweka mafuta. Ndiyo maana kwenye michoro utaona 7e baada ya Tr 28x5. Hiyo e ina maana kwamba kipenyo cha pichi cha skrubu kianzie chini ya hesabu: kwa pichi ya 5 ni 0.106 chini, kwa hiyo d2 isizidi 25.394. Namba 7 inasema kinaweza kushuka kiasi gani kutoka hapo, na kiasi hicho unakisoma kwenye jedwali la kipenyo chako. Kupwaya kunakoletwa na ile 0.106 ni kama 0.028, unene wa filamu ya mafuta na zaidi kidogo.

Nitapimaje kipenyo cha pichi? Sina maikromita ya meno.

Wengi hatuna. Tunatumia waya tatu na maikromita ya kawaida. Unalaza waya mbili kwenye mabonde jirani ya upande mmoja na waya moja kwenye bonde la upande wa pili, kisha unapima juu ya waya zote. Waya zinagusa mbavu, kwa hiyo kipimo hicho kinakuambia habari za d2.

```
M = d2 + 4.864 x w - 1.866 x P
```

M ni kipimo juu ya waya na w ni unene wa waya. Waya unaofaa zaidi ni ule unaogusa ubavu palepale kwenye mstari wa pichi, nao unapatikana kwa kuzidisha pichi kwa 0.518. Kwa pichi ya 5 ni 2.59. Sisi huchukua vishina vya keekee za 2.6, zile sehemu laini zisizokata. Tunazishikilia kwa grisi nzito kwenye bonde, na kijana mmoja anasaidia kushika wakati mwingine anasoma.

Kwa d2 ya 25.5 na waya za 2.6: 4.864 mara 2.6 ni 12.646; 1.866 mara 5 ni 9.330. Kwa hiyo M ni 25.5 jumlisha 12.646 toa 9.330, yaani 28.816. Sisi tulikuwa tunataka d2 karibu na 25.35, basi tulilenga M ya 28.67.

Jihadhari na jambo moja. Keekee iliyoandikwa 2.6 mara nyingi kishina chake si 2.6. Kinaweza kuwa 2.57. Ukiangalia fomula, unene wa waya unazidishwa karibu mara tano, kwa hiyo kosa la 0.03 kwenye waya linakuwa kosa la 0.146 kwenye jibu. Pima kila kishina kwa maikromita, hakikisha vyote vitatu vinalingana, na uweke kwenye fomula kipimo ulichokipata, si kilichoandikwa.

Fomula hii haizingatii mlalo wa meno kuzunguka shafti. Kwa skrubu ya njia moja kama hii kosa lake ni dogo kuliko mkono wa fundi. Kwa skrubu za njia nyingi zenye mlalo mkubwa linaongezeka, na hapo ni heri kujaribisha kwa nati.

Nimefika kwenye kina sahihi, shina ni 22.5 kabisa, lakini kipenyo cha pichi kimekataa. Kosa liko wapi?

Liko kwenye upana wa ncha ya kisu. Kina kinaamua shina. Upana wa ncha pamoja na kina ndivyo vinavyoamua kipenyo cha pichi. Ncha inatakiwa iwe na upana wa 0.366 mara pichi, toa 0.536 mara ac. Kwa pichi ya 5 ni 1.83 toa 0.134, yaani 1.696. Sema 1.7.

Fundi akisahau kutoa ile sehemu ya pili atanoa ncha ya 1.83. Atafika 22.5 kwenye shina, lakini kila bonde litakuwa pana kwa 0.134, na kipenyo cha pichi kitashuka kutoka 25.5 hadi 25.0. Chuma kilichoondoka hakirudi. Ndiyo maana hapa tunanoa ncha nyembamba kidogo, kama 1.6, tunafika kwenye kina, kisha tunasogeza kisu pembeni kidogo kidogo na kupanua bonde huku tukipima kwa waya, au tukijaribisha nati. Kwa kazi ya yule mzee nati ilikatwa kwa tepu, hivyo D2 yake hatukuweza kuibadilisha. Tulimaliza nati kwanza, halafu skrubu ikapanuliwa mabonde hadi nati ikatembea kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na ukinoa, usisahau ubavu wa kisu chini ya ncha. Meno yanapanda kuzunguka shafti kwa pembe ambayo tanjenti yake ni pichi gawanya kwa pai mara kipenyo. Kwenye d2 ni kama digrii 3.6, na kwenye shina, kwa kuwa kipenyo ni kidogo, ni kama digrii 4. Kisu kisiponolewa kukwepa ubavu huo, kitasugua badala ya kukata, na bonde litatoka pana na lenye mikwaruzo upande mmoja.

Nina skrubu nyembamba ya Tr 8x8 kutoka kwenye mashine ndogo ya kuchapa plastiki. Nikitoa pichi kwenye kipenyo napata sifuri!

Kwa sababu hiyo 8 ya pili si pichi. Ni mwendo, yaani umbali ambao nati inatembea kwa mzunguko mmoja. Skrubu hiyo ina njia nne zinazokwenda sambamba; tazama ncha yake utaona mianzo minne ya meno. Inapaswa kuandikwa Tr 8x8 (P2), na kinachoingia kwenye fomula ni ile P, yaani 2. Kipenyo cha pichi ni 8 toa 1, ni 7. Shina ni 8 toa 2 toa 0.5, ni 5.5. Tundu la nati ni 6, bonde lake ni 8.5.

Isipoandikwa P, pima jino hadi jino jirani ndiyo pichi. Kisha zungusha nati mara moja uone imetembea kiasi gani, ndiyo mwendo. Gawanya, unapata idadi ya njia.

LH ikiongezwa mwishoni inabadilisha vipenyo?

Hapana. Ni meno ya kushoto tu. Hesabu ni ileile.

Skrubu yangu imelika lakini bado nene. Nikitengeneza nati mpya peke yake inatosha?

Ipime kwa waya mahali patatu kabla hujaamua: mwisho mmoja, katikati, mwisho wa pili. Ile skrubu ya randa ilisoma 28.68 karibu na ncha zote mbili, na 28.12 katikati, mahali meza inapokaa siku zote seremala anaporanda mbao za unene uleule. Tofauti ni 0.56. Zidisha kwa 0.268 unapata 0.15, huko ndiko kupwaya kutakakoongezeka nati ikifika katikati.

Sasa fikiria nati mpya. Ukiitengeneza ikae vizuri katikati, itagoma kabla haijafika mwisho. Ukiitengeneza ipite kwenye ncha, itapwaya katikati, palepale kazi inapofanyika. Hakuna kipenyo cha nati kinachoponya skrubu iliyolika sehemu moja. Tulimwonyesha mzee zile namba tatu zimeandikwa kwa chaki kwenye meza, naye akasema tukereze skrubu mpya. Kama mahali patatu pangetofautiana kwa 0.1 tu, ningemwambia abadilishe nati peke yake na abaki na pesa yake.